Mjomba yuko Kipawa, ndege bado iko Muscat

Ni Ijumaa, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Mwanamume mmoja wa Kibaha amefika mapema Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kumpokea mpwa wake anayetoka Muscat. Kwa mujibu wa tiketi, ndege ilikuwa itue 18:55, yaani saa moja kasoro dakika tano. Simu inalia, anafungua ujumbe: “Shikamoo mjomba. Ndege imechelewa saa sita. Tunaondoka 20:40, tunafika 1:10 usiku.”

Mjomba huyu ni wa mfano, lakini ujumbe wa namna hiyo huandikwa kila siku, na kila neno lake ni la kweli. Binti hakudanganya popote. Tatizo ni kwamba mjomba akiusoma kama watu wengi wa Tanzania wanavyosoma saa, “1:10 usiku” ni saa moja na dakika kumi usiku. Tiketi ilisema saa moja kasoro dakika tano. Kwa hesabu yake basi, ndege imechelewa robo saa tu, na hakuna haja ya kuondoka. Atanunua maji, atakaa, atasubiri. Binti alikusudia saa saba na dakika kumi usiku wa manane. Kati ya saa aliyoiandika yeye na saa aliyoisoma mjomba kuna tofauti ya saa sita kamili.

Hayo mengine mawili hayamsaidii, yanamchanganya zaidi. “Imechelewa saa sita” inaweza kuwa muda wa saa sita, na inaweza kuwa imesogezwa mpaka saa sita ya usiku. Na hiyo 20:40 ni saa ya wapi? Ndege itaondokaje saa mbili na dakika arobaini usiku ikiwa inafika saa moja na dakika kumi? Mjomba atahisi kuna kosa mahali fulani, ila hana njia ya kujua liko wapi, na kwa heshima ya safari hatampigia binti kumhoji. Atachagua tafsiri inayomfaa zaidi, nayo ni ile inayomwambia ndege iko karibu.

Hesabu yenyewe si ngumu, mradi ifanywe na mtu sahihi, na mtu sahihi ni msafiri. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Tiketi na ubao wa matangazo huandika kila saa kwa majira ya mji husika: saa ya kuondoka ni ya Muscat, saa ya kufika ni ya Dar es Salaam. Ndege hii ilipangwa kuondoka 14:25 ya Muscat, ambayo Dar ni 13:25, na ikafika 18:55. Safari nzima, toka inapoachia geti hadi inaposimama kwenye geti la pili, ni saa tano na nusu. Sasa ubao wa Muscat unasema 20:40. Toa saa moja, unapata 19:40 ya Dar. Jumlisha saa tano na nusu, unapata 01:10. Hiyo ndiyo saa saba na dakika kumi usiku.

Kosa ambalo nimeona likifanywa mara nyingi na watu makini kabisa ni kuruka hatua ya kutoa ile saa moja. Mtu anajumlisha saa tano na nusu kwenye 20:40, anapata 02:10, anamwambia ndugu yake saa nane na dakika kumi. Kwa Muscat au Dubai kosa hilo ni la saa moja tu. Kwa London ni la saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi, maana Waingereza husogeza saa zao Machi na Oktoba nasi hatusogezi. Njia salama ni kupima ucheleweshaji badala ya kupiga hesabu upya. Ndege ilikuwa iondoke 14:25, sasa inaondoka 20:40, imesogea saa sita na robo. Sogeza saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi kwa kiasi hicho hicho: 18:55 na saa sita na robo ni 01:10. Majira ya nchi hayakusumbui tena, kwa sababu tiketi ilikwisha kuyahesabu.

Kuna tarehe pia, na hapa ndipo wazee wa pwani wanapopotezwa. 01:10 baada ya Ijumaa usiku ni Jumamosi kwenye kalenda ya tiketi. Msafiri akiandika “nafika Jumamosi usiku saa saba”, kijana ataenda usiku wa Jumamosi kwenda Jumapili, saa ishirini na nne baada ya binti kutua. Akiandika “usiku wa Ijumaa”, mzee anayehesabu siku kuanzia magharibi anaweza kuuelewa kuwa ni usiku uliotangulia mchana wa Ijumaa, yaani usiku uliokwisha kupita. Usemi usioacha shaka kwa yeyote ni “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Mzee na kijana wote watauelewa usiku ule ule. Kwa safari zote zinazotua kati ya saa sita usiku na alfajiri, na ndege za kutoka Ghuba na Ulaya zinazotua Dar, Nairobi au Zanzibar saa hizo si chache, sioni sababu ya kutumia usemi mwingine.

Tukishapata saa ya kutua, bado hatujapata saa anayoihitaji mjomba. Yeye hampokei mtu kwenye ngazi za ndege. Anampokea nje ya mlango wa abiria wanaowasili, na kati ya magurudumu kugusa ardhi na begi kutoka mlangoni kuna foleni ya uhamiaji, kuna mkanda wa mizigo, kuna forodha na mashine yake ya ukaguzi. Mwenye pasipoti ya Tanzania na begi la mkononi tu anaweza kutoka kwa nusu saa. Mgeni anayelipia viza dirishani, akiwa na masanduku mawili na ameketi viti vya nyuma, anaweza kuchukua saa moja na nusu, hasa ikiwa ndege mbili kubwa zimetua pamoja. Kwa binti wetu, mwenye pasipoti ya Tanzania na masanduku, dakika hamsini ni makadirio ya haki. Saa saba na dakika kumi na dakika hamsini ni saa nane usiku. Saa nane usiku ndiyo saa ya mjomba. Zile nyingine zote ni za binti.

Ndiyo maana naona ujumbe mzuri una saa moja tu kubwa, saa ya kukutana, na nyingine zikitajwa zitajwe kwa kuisaidia hiyo. Msafiri aliyezungukwa na ubao, tangazo la kipaza sauti na karatasi ya kupandia ndege hujisikia anapaswa kupeleka kila tarakimu aliyoiona. Anayepokea akiwa amesimama kwenye maegesho na chaji imebaki kidogo anataka kujua mambo matatu: mtoto yu mzima, niondoke au nibaki, na nirudi saa ngapi.

Hilo la kwanza, la uzima, lisidharauliwe. “Ndege imepata hitilafu” ni sentensi ya kawaida kwa aliyeko kwenye geti huku akinywa chai. Kwa anayesubiri ndugu aliye angani ni sentensi ya kutisha, na ikishaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp itasomwa na bibi kijijini kabla maelezo hayajafika. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme abiria yuko wapi: ardhini, Muscat, hajapanda. Salamu haiachwi, mpwa hamwandikii mjomba bila shikamoo, lakini salamu na habari vikae mstari mmoja. Simu nyingi huonyesha mwanzo tu wa ujumbe kabla haujafunguliwa, na wapo watu ambao wakiona “Shikamoo mjomba, habari za toka asubuhi, poleni na” hudhani ni salamu tu, huacha kuufungua hadi baadaye.

Ujumbe wa binti, ukiandikwa upya na kutumwa dakika ile ile, unaweza kuwa hivi:

“Shikamoo mjomba. Mimi mzima, bado niko Muscat, ndege haijaondoka. Usisubiri uwanjani, tafadhali nenda kwa shangazi Ukonga ukapumzike. Njoo unichukue saa nane usiku (02:00), usiku wa kuamkia Jumamosi. Hizo ni saa za Dar. Jengo ni lile lile la Tatu. Nitakuandikia tena saa moja na nusu usiku tukishakaa ndani ya ndege. Usipoona ujumbe wangu hadi saa tatu, usitoke kwa shangazi, jua imesogezwa tena. Samahani sana kwa usumbufu, mjomba.”

Saa imeandikwa kwa maneno kwanza, halafu kwa tarakimu nne. Maneno ni ya mjomba. Tarakimu ni za dereva wake kijana, au za binamu aliyekulia Muscat ambaye anaongea Kiswahili vizuri ila saa huzisoma kwa Kiarabu au Kiingereza, na ambaye ujumbe huu utamfikia kwa kusambazwa. Tarakimu 02:00 yenye sifuri mbele haifanani na saa mbili usiku, kwa kuwa saa mbili usiku ingeandikwa 20:00. Palipo maneno na tarakimu pamoja, moja husahihisha jingine.

Angalia pia kwamba hakuna “baada ya saa tisa hivi”. Muda wa kuhesabu kutoka sasa hufaa kwa sauti, kwenye simu, kwa kuwa wote wawili wako kwenye “sasa” moja. Kwenye maandishi “sasa” ya mwandishi si ya msomaji. Ujumbe uliotumwa saa kumi na moja, mtandao ukasumbua, ukafika saa kumi na mbili na nusu, halafu shangazi akausambaza saa mbili, unabeba “baada ya saa tisa” inayobadilika kwa kila anayesoma. Saa nane usiku haibadiliki hata ikipita mikononi mwa watu kumi.

Sentensi niithaminiyo kuliko zote katika ujumbe ule ni ile ya saa tatu. Saa mpya iliyoandikwa kwenye ubao ni makadirio. Mara nyingi ucheleweshaji hauji wote kwa mara moja. Kwanza huandikwa saa mbili, zikikaribia kwisha zinaongezwa mbili nyingine, kisha tatu. Pengine binti wetu aliambiwa mchana kwamba ni 16:25, akamwandikia mjomba “imechelewa kidogo”, na hicho “kidogo” ndicho kilichomtoa mjomba Kibaha. Ukimpa anayesubiri saa mpya bila kumwambia itathibitishwa lini, unamfunga aamini kila saa inayotajwa. Ukimwambia ukimya wangu utakuwa na maana gani, hata simu yako ikizimika atajua la kufanya.

Msafiri anaweza kupima mwenyewe kama saa mpya ina uzito. Ndege itakayokupeleka Dar kwanza inatoka mahali fulani, na sababu ya kawaida sana ya kuchelewa ni kwamba ndege hiyo haijarudi. Uliza kwenye geti: ndege yetu iko wapi? Ikiwa bado iko angani, na itatua saa moja na nusu kabla ya saa mpya, inawezekana, kwa sababu ndege ya ukubwa wa kati huhitaji kama saa moja kushusha watu, kusafishwa, kujazwa mafuta na kupakia. Ikiwa haijaruka huko iliko, na safari yake peke yake ni saa tatu, basi 20:40 haitatimia hata ubao ukiendelea kuionyesha. Ukiwa na namba ya usajili ya ndege, tovuti ya Flightradar24 itakuonyesha ilipo. Ishara nyingine haihitaji intaneti: kupanda huanza dakika arobaini hadi sitini kabla ya kuondoka. Imefika saa mbili kasoro robo usiku ya Muscat, nje ya kioo hakuna ndege, mlango wa geti umefungwa na hakuna mfanyakazi. Hamtaondoka 20:40. Huo ndio wakati wa kumwandikia mjomba, kabla hata tangazo halijatoka.

Kuna mpaka mwingine ambao abiria hawauoni. Marubani na wahudumu wana kikomo cha kisheria cha saa za kazi tangu waliporipoti. Ucheleweshaji ukirefuka, wanaweza kufikia kikomo hicho wakiwa bado ardhini, na hapo ndege nzima ikiwa imejaa mafuta haitaruka hadi wapatikane wengine. Hivyo ndivyo kuchelewa kwa saa sita kunavyogeuka ghafla kuwa safari ya kesho. Ukisikia tangazo linataja wahudumu, mwambie anayesubiri asiondoke alipo.

Jambo linalowapotosha wengi zaidi ni kuunganisha ndege. Kijana anatoka London, anabadili Doha, ndege ya London imechelewa, ya Dar imeondoka bila yeye. Ndege ile ya Dar haikuchelewa hata kidogo. Baba mdogo anayeifuatilia kwa namba yake kwenye simu ataona neno LANDED kwa wakati uliopangwa, atasimama mlangoni, ataangalia kila uso hadi abiria wa mwisho atoke, na hofu itaanza pale. Hapa ujumbe wa “ndege imechelewa” ni wa kupotosha kabisa. Unaohitajika ni huu: “Sikuipata ile ndege, nimehamishiwa nyingine,” pamoja na namba mpya na mji inakotokea. Mji ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyepangiwa upya kupitia Nairobi atatokea bado Jengo la Tatu, ambalo toka lilipofunguliwa mwaka 2019 hupokea safari za kimataifa. Aliyepelekwa Zanzibar na kumalizia kwa ndege ya ndani atagongewa muhuri Zanzibar, na kwa kawaida atashukia Jengo la Pili, na mjomba aliyesimama Jengo la Tatu hatamwona kamwe. Waliounganisha kwa haraka pia huachwa na mizigo yao. Kuandikisha sanduku ambalo halikufika kunaweza kuongeza nusu saa au zaidi kabla ya kutoka, na ni vyema anayesubiri aambiwe mapema kwamba huenda ikawa hivyo.

Halafu ujumbe wenyewe lazima ufike. Tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp maana yake umeondoka kwako, haujafika kwake. Simu ya mjomba imezimwa, au bando limekwisha. Tiki mbili maana yake umefika, si kwamba umesomwa. Kama baada ya dakika kumi bado ni tiki moja, usiendelee kuandika ujumbe mwingine juu ya ule. Tuma meseji ya kawaida, ambayo haihitaji bando kwa anayeipokea, au mwombe mtu aliyeko Tanzania ampigie. Kupiga kwa sauti kwa WhatsApp huzuiwa Falme za Kiarabu, hivyo aliyekwama Dubai asingoje kupiga, aandike. Na akiandika kwa zaidi ya mtu mmoja, achague mmoja awe msemaji na amtaje: “Ameambiwa mjomba, naomba nyie msimpigie.” Ndugu wanane wakimpigia mtu mmoja, chaji aliyokuwa akiitunza kwa saa nane usiku itakwisha saa tatu.

Saa moja na nusu usiku, ikiwa mambo yameenda sawa, binti yuko kwenye kiti. Ujumbe wa pili ni mfupi: “Mjomba, tumeshakaa ndani ya ndege, milango inafungwa. Saa nane usiku ni ile ile. Nazima simu.” Hayo maneno “nazima simu” yanamwepusha mjomba na wasiwasi wa kumtafuta kwa saa tano na nusu bila kumpata. Ndege ikikaa kwenye geti nusu saa zaidi baada ya hapo, haidhuru sana. Ratiba huwa na dakika za akiba na rubani anaweza kufidia kiasi fulani njiani, ingawa si zaidi ya hapo. Aliyechelewa saa sita hafidiwi saa mbili angani.

Akitua, binti anaandika mara ya tatu akiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Huu ndio ujumbe pekee unaoruhusiwa kuhesabu dakika, kwa sababu sasa wote wako kwenye saa moja: “Nimetua. Mbele yangu kuna watu kama thelathini, bado mizigo.” Mjomba aliyeko Ukonga, ambako ni karibu na uwanja, aondoke akiupata huo. Aliyeko Kibaha hawezi kuusubiri, yeye ilibidi awe njiani tayari.

Na ikiwa saa itasogea tena, ikawa ya kutoka ni saa tisa au saa kumi usiku? Maoni yangu ni kwamba msafiri asimtoe mzee nyumbani kwa ajili hiyo. Ndani ya uwanja kuna taa, viti na walinzi, na barabara ya Morogoro saa tisa usiku kwa dereva ambaye hajalala ni hatari zaidi ya kukaa kwenye kiti kigumu. Basi aandike: “Mjomba, imesogezwa tena. Usije usiku huu. Nitabaki ndani ya jengo mpaka kupambazuke, njoo Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi (06:30), Jengo la Tatu.”